Mama Kesho Afunga Duka Wiki Nzima

Mtaani wanamwita Mama Kesho, na msidhani wanamwonea. Ni fundi cherehani, mke wa kaka yangu, na mimi wifi yake ndiye ninayepiga pasi na kushona vifungo dukani kwake. Ukimuuliza nguo yako iko wapi, atakuambia imebaki pindo tu, njoo kesho. Kumbe kitambaa chenyewe kimekunjwa chini ya meza, hakijaonja hata mkasi. Ndiyo mafundi hao, na wateja walishamzoea.

Ila mwaka huu kuchelewa kwake kulikuwa na sababu. Jicho la kulia lilikuwa limeingia ukungu, na la kushoto lilianza kulifuata. Sindano alikuwa akinipa mimi nimtungie uzi, eti mikono yake ina mafuta. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, akampangia kupasuliwa Jumatatu. Baada ya hapo, wiki nzima asiinamie mashine wala asikae kwenye vumbi la vitambaa. Akiikosa siku hiyo arudi nyuma ya foleni, na foleni yenyewe haina mwisho. Jamani, fundi asiyeona ni fundi gani tena?

"Waandikie wateja ukweli," nikamwambia.

"Wee! Nani atampa kipofu kitambaa chake? Wote watahamia kwa yule fundi mpya wa ng'ambo ya barabara."

Akashika simu, akawaandikia wote kwenye kundi lao: "Wateja wangu wapendwa, kwa sababu zisizozuilika, kazi itasimama wiki moja kuanzia Jumatatu. Tutafungua Jumatatu inayofuata. Samahani kwa usumbufu."

Weee, kama kamwaga mahindi mbele ya kuku. "Fundi, leo umebuni mpya!" "Juzi ulifunga ukasema unamzika shangazi. Shangazi huyo amekufa mara ngapi?" "Sema tu umeniunguzia kitambaa." Ndiyo malipo ya kesho zake: siku aliyosema kweli, hakuna aliyemwamini.

Jumamosi asubuhi walijaa mlangoni, nikadhani kila mmoja anataka kitambaa chake. Mbele kabisa alisimama binti anayekaribia kuolewa, na nyuma yake mwalimu, mteja wetu wa miaka mingi. Wifi yangu akajitokeza mlangoni. Akasema kwa sauti kubwa, "Basi jamani, sifungi! Jumatatu njooni, nipo."

Hapo nilipandwa na hasira. Nilimvuta nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

"Jumatatu uko wapi? Dukani au kwa daktari?"

"Wifi, nikiwapoteza hawa nitakula nini?"

"Na ukipoteza macho utashona nini? Usinitie wazimu mimi! Toka ukawaambie, au nitoke mimi."

Alisugua kidole kilichochomwachomwa na sindano. Halafu akatoka. Nilimwonea huruma, maana nilijua ilivyomgharimu.

"Sina msiba," akawaambia. "Ni macho. Jumatatu napasuliwa, siwezi kushona mpaka wiki iishe. Nikirudi nitaanza na gauni la harusi. Asiyeweza kungoja achukue kitambaa chake, sitamnunia."

Wawili walichukua, wakaondoka bila kumtazama. Na mwenye haraka zake usimlaumu. Binti akabaki ameshika gauni lake lililokatwa bila kushonwa, anahesabu kwa vidole. Mwishowe akalirudisha mezani.

"Zitabaki siku tano kabla ya harusi. Fundi, zinatosha?"

"Zinatosha. Na safari hii siyo kesho ya mdomoni."

Mwalimu akakohoa. "Sisi wengine hatukuja kuchukua kitu. Tumekuja kusikia kama utasema."

"Niseme nini?"

"Fundi, mwaka mzima navaa suruali mguu mmoja mfupi. Unadhani sikuona? Tulijua huoni vizuri. Tulikuwa tunaogopa kukuumiza."

Wifi yangu akakaa kwenye kiti chake akalia, hakujificha. Nami nililia, ingawa nilisingizia mvuke wa pasi. Jumatatu tulifunga duka, nikamsindikiza kwa daktari, na kesho yake bandeji ikatolewa. Wiki nzima nilimweka nyumbani kwa nguvu, namtia dawa ya matone huku akininung'unikia.

Siku ya kufungua alifika kabla yangu. Gauni la harusi lilikuwa tayari mashineni. Niliposalimu aliinua kichwa, akanitazama kwa muda mrefu, mpaka nikajishika shavu nikidhani nina uchafu.

"Wifi," akasema taratibu, "kumbe una mvi! Umezeeka lini?"

"Wakati unaniambia mikono yako ina mafuta," nikamjibu.

Alicheka mpaka akaacha kukanyaga mashine. Kisha akainuka, akanikumbatia, akaendelea kunitazama.