Kuku Habonyezwi

Jikoni kwetu hotelini mimi ndiye mpishi mkuu, na mpishi wa nyama ni mdogo wangu, tunayemwita Kidole. Akibonyeza steki ya ng'ombe, kufumba na kufumbua keshajua imeiva kiasi gani. Steki ya nguruwe vivyo hivyo. Majivuno yake niliyameza kwa sababu kipimajoto kilimkubalia kila mara: nyuzi sitini na tatu, nyama inapumzishwa dakika tatu, inakwenda mezani.

Jana mchana akabonyeza kuku mzima.

"Dada, huyu tayari."

"Kuku habonyezwi! Pima!"

Akachomeka kipimajoto pajani huku amenuna. Sabini na sita. Akanitolea meno yote. Lakini nilimwona: sindano ilikuwa imegota kwenye mfupa, na mfupa hudanganya kipimo. Nikaichomoa, nikaichomeka kwenye mnofu mnene. Sitini na nne. Kuku lazima afike sabini na nne.

Damu ikanichemka. "Unataka kuua watu?"

"Usinifokee mbele ya wahudumu! Nyuzi kumi tu, dada. Wateja wana njaa."

"Wateja gani?"

"Meza ya dirishani. Mama na watoto wake."

Nilikata lile paja, nyama ya ndani ikiwa bado nyekundu na inateleza, nikamsogezea sahani.

"Basi kula wewe kwanza."

Akaitazama. Mdogo wangu, anayebonyeza kila kitu humu jikoni, akatia mikono mfukoni.