Prufu ya Ripoti ya Visima

Watu wa mtaani walimwita Kichungio, maana kosa halikupita mikononi mwake. Alipata riziki kwa kusoma maandishi ya wengine kabla hayajachapwa, katika chumba cha nyuma nyumbani kwa dada yake, dirisha likitazamana na kamba ya nguo.

Siku alipoletewa ripoti ya shirika la kuchimba visima, moyo ulimruka. Hakuwahi kupata kazi kubwa kama ile. Kurasa zilikuwa zimekwisha kupangwa, picha zimekaa mahali pake, na kiwanda cha uchapaji kilizisubiri kesho yake asubuhi. Mkurugenzi wa shirika alimwomba jambo moja tu: asome prufu, ile nakala ya mwisho kabla ya kuchapwa, aondoe makosa madogo yaliyosalia.

Alianza vizuri. Herufi iliyoruka, nukta iliyopotea, namba ya ukurasa isiyolingana na yaliyomo. Alipofika sura ya pili, mkono ukaanza kumwasha. Sentensi zilikuwa ndefu, zimejikunjakunja. Akakata, akaunganisha, akaandika aya nzima upya huku akiimba.

Dada yake, ambaye ndiye aliyezipanga kurasa zile, akaingia na kuchungulia kompyuta.

"Wewe, unafanya nini hapo?"

"Naipendezesha, dada. Ona inavyotiririka."

"Naona. Maelezo ya picha yamehamia ukurasa mwingine, na jedwali limekatika katikati. Umeitwa kupiga pasi, umeanza kushona suti upya."

"Lakini si imekuwa nzuri zaidi?"

"Mwenyewe hajaiona, mdogo wangu. Kesho asubuhi inachapwa. Ataisoma saa ngapi akubali au akatae?"

Maneno yalimchoma kwa sababu aliyajua. Kuhariri kuna wakati wake, maandishi yakiwa bado rasimu na mwenyewe ana nafasi ya kubishana. Kalamu ya kusahihisha ni tamu, na asiyejitawala humnyang'anya mwenzake sauti huku akijisifu kwamba amemsaidia.

Akarudisha kila neno la sura ya pili. Akaendelea, safari hii kwa adabu, mpaka akakutana na jambo lililomfanya asimame. Muhtasari ulisema visima vyote vinatoa maji. Sura ya mwisho ilisema viwili vimekauka.

Kulibadilisha hakukuwa haki yake, kwani ukweli aliujua mwenye ripoti. Kulinyamazia nako kungekuwa uzembe. Akaandika swali pembeni ya ukurasa, kisha akapiga simu.

Mkurugenzi akaifungua nakala yake. "Muhtasari tuliuandika mwanzo, kabla havijakauka. Weka 'visima vyote isipokuwa viwili'. Itaenea?"

"Itaenea, mama. Mstari una nafasi."

"Na sura ya pili? Kuna mwenzangu anasema ni nzito."

"Ni nzito kweli. Ila huo ni uhariri, na leo nasoma prufu."

"Basi ya mwaka ujao nitakuletea ikiwa rasimu. Uikatekate utakavyo."

"Nitapendekeza, mama. Kukata utakata mwenyewe."

Alipoweka simu chini alimkumbatia dada yake, wakacheka mpaka wakaishiwa pumzi. Asubuhi ripoti ikaenda kiwandani, sura ya pili nzito vilevile kama mwenyewe alivyoiandika.