Sufuri ya Ubaoni

Miaka ya hamsini, sisi makarani wa forodha Tanga tulifundishwa hesabu ya malipo kati ya nchi na nje. Mwalimu aliandika mfano ubaoni:

| | |
|---|---|
| Tulichouza nje | 60 |
| Tulichonunua nje | −80 |
| Upungufu | −20 |
| Mikopo na mitaji ya nje | +15 |
| Akiba ya fedha za kigeni iliyotumika | +5 |
| Jumla | 0 |

Sikuelewa, na nikaudhika. "Mwalimu, tumepungukiwa, mbona jumla ni sufuri?"

"Mzigo umeshashuka gatini. Aliyeuza amelipwaje, kama si kwa mkopo, mtaji au akiba?"

Kumbe upungufu si kitu kisicholipwa. Lakini jambo moja bado lilinitatiza.

"Na mkopo tutaulipa kwa kitu gani?"

"Kwa katani," akasema, akifuta ubao.

Asubuhi ile tulikuwa tumeambiwa bei ya katani imeshuka tena.