Maneno Chini ya Picha ya Bibi Daktari

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane alipoanza kutokwa na damu. Hakuwa na maumivu yoyote, na shangazi yake aliyekuwa akimwangalia akatuliza nyumba nzima. "Haumwi, mwanangu. Mwache alale, itakata."

Hospitali mke wangu hakutaka hata kuisikia, akiogopa kupokewa na daktari mwanamume. Akanishika mkono. "Muandikie yule bibi daktari wa kwenye intaneti."

Alikuwa ameshatusaidia mara moja, mtoto wetu alipotokwa na vipele, kwa hiyo nikaona shauri ni jema. Nikatoka kwetu mtaa wa Ng'ambo mbio hadi duka la intaneti Mji Mkongwe, nikalipa ada, nikakaa kwenye kompyuta. Pembeni yangu vijana wawili walikuwa wakitazama mpira. Mimi mtu wa haya, hata neno "mke" likanishinda, nikaandika: "Watu wa nyumbani hawajisikii vizuri." Nikafuta. Nikaandika kuwa wana udhuru kidogo. Hata daktari mwenye akili kiasi gani angeambulia nini hapo?

Nikapandisha macho kwenye picha yake, miwani na mtandio mweupe. Chini yake palikuwa na maneno ambayo siku ya vipele niliyapita tu:

"Najibu Jumatatu hadi Alhamisi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Ijumaa mwisho saa tano. Ada shilingi elfu tano kwa shauri moja, lipa kwa mwenye duka kabla ya kuandika. Siwezi kutibu hapa: maumivu makali ya kifua, kushindwa kupumua, degedege, aliyezirai, na mjamzito anayetokwa na damu, hata kama haumwi. Usiniandikie, usingoje jibu langu. Mpeleke hospitali sasa hivi."

Hata kama haumwi. Nikafuta yote bila kutuma, nikainuka. Mwanamke mzima, mwenye heshima zake, ameyaandika wazi mbele ya dunia, na mimi mume naona haya mbele ya watoto wa mpira!

Nilirudi nyumbani na teksi. Shangazi akasimama mlangoni. "Unampeleka wapi, naye haumwi?"

"Ndiyo maana nnampeleka, shangazi."

Hospitali walimpasua jioni ile ile. Kondo la nyuma lilikuwa limeziba mlango wa uzazi, wakatuambia, na tungengoja uchungu tungewapoteza wote wawili. Nikapewa binti, mdogo, mwenye sauti kubwa kuliko yeye. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru daktari aliyepasua, na mwanamume alikuwa, na mke wangu akamwombea dua kwa mdomo wake.

Wiki iliyofuata nilirudi dukani nikamwandikia bibi daktari kila kitu, damu na yote, bila kutazama nani yupo pembeni. Jibu lilikuja asubuhi yake, nikalisoma machozi yakinitoka.

"Alhamdulillahi. Nashukuru sana kwamba siku ile hukuniandikia."