Usinunue kwa Ajili ya Siku ya Mama

Nuzhat binti Rafaqat nimemjua kwa miaka minne, meza yake na yangu zikiwa zimegusana, na sijapata kuona mtu mbishi kama yule. Nasema hivyo kwa heshima. Mimi kazi yangu ilikuwa kujibu malalamiko ya wateja, kwa hiyo najua nani alinitua mzigo na nani alinitwisha.

Ofisi yetu ni chumba kimoja ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, hapa Faisalabad. Mwenye ofisi ni Farrukh, mtoto wa shangazi yake Nuzhat. Biashara yenyewe ni ya kuuza usichonacho: mteja wa Uingereza ananunua taa kwenye duka letu la mtandaoni, sisi tunapeleka oda kwa msambazaji Uchina, naye anaifunga na kuituma moja kwa moja kwa mteja. Sisi taa hatuigusi. Tunachouza hasa ni maneno na picha, na hayo yote yalikuwa ya Nuzhat.

Baba yake alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia nguo hadi masikio yakafa kwa kelele. Binti akasomesha watoto wa jirani Kiingereza, akisahihisha insha zao kwa kalamu nyekundu, na mkono huo wa kusahihisha haukumtoka. Maelezo ya msambazaji yakija ("Taa upendo joto kwa mama wa kike wa familia, furaha yenye kung'aa!") alikuwa akiyasoma kwa sauti tucheke, kisha anayafuta yote.

Hakuandika kitu kabla ya kuagiza sampuli moja. Kulikuwa na taa moja ya waridi ndani ya kioo; kwenye picha ya msambazaji ilikuwa imesimama kando ya kitanda, ndefu kama mtoto wa miaka miwili. Sampuli ilipofika, Nuzhat aliipima kwa futi ya kushonea ya mama yake: sentimita kumi na nne. Akatandika shuka jeupe dirishani, akaiweka kando ya kikombe cha chai na kuipiga picha. Chini akaandika urefu, urefu wa waya, na kwamba kichwa cha kuchomeka ukutani hakimo kwenye boksi.

"Umeifanya ionekane ndogo," Farrukh akalalamika.

"Ni ndogo, kaka. Nikuletee futi?"

Sasa sikilizeni kosa la Nuzhat, maana alikuwa nalo moja. Mwaka mmoja kabla ya kisa hiki duka la Farrukh lilifungwa na wenye soko la mtandaoni kwa kuchelewesha mizigo, na kitambulisho chake kikatiwa alama. Hawezi tena kuuza pale. Akamwendea Nuzhat kwa maneno matamu, oh, sisi ni damu moja, na Nuzhat akamwazima jina. Duka likasajiliwa kwa kitambulisho chake, uso wake, namba yake ya simu. Naye alikuwa na ndoto ya kuuza siku moja mashuka yanayofumwa mtaani kwao. Jina likiungua, ndoto imekwisha, na hakuna ofisi ya kwenda kulia.

Januari iliyofuata, ukungu ukiwa mzito na gesi ya jikoni haitoki, Farrukh aliingia anasugua mikono. "Siku ya Mama ya Waingereza ni tarehe kumi na tano Machi. Taa ya waridi tunaisukuma kwa nguvu zote. Andika: inafika kwa siku tano hadi saba."

"Nani kasema siku tano?"

"Washindani wote wanaandika hivyo."

"Msambazaji mwenyewe anasema nane hadi kumi na mbili, na hizo anahesabu tangu mzigo utoke ghalani. Kufunga ni siku mbili hadi nne, hazimo. Forodha haimo." Akamgeuzia skrini. "Na soma hapa. Nimemuuliza karani wao. Mwaka mpya wao uko katikati ya Februari. Wafanyakazi wanaondoka kwenda makwao tarehe nane, ghala linafunguliwa mwezi ukiisha. Ukurasa wao bado unasema siku nane, kwa sababu ukurasa hauendi likizo!"

"Mteja hajui hayo."

"Ndiyo maana anaambiwa."

Farrukh akacheka, akaondoka. Tarehe tisa Februari, siku moja baada ya ghala kufungwa, nikafungua duka letu nikaona Nuzhat ameandika, juu kabisa, kabla hata ya bei: *Ghala la msambazaji wetu liko Uchina na limefungwa hadi mwisho wa mwezi. Ukiagiza leo, taa itakufikia kati ya tarehe 14 na 24 Machi. Siku ya Mama ni tarehe 15. Usinunue kwa ajili ya siku hiyo.*

Nilishika kichwa. Mama yangu weee! Muuzaji anamwambia mnunuzi asinunue!

Farrukh alipanda ngazi mbili mbili. "Umerogwa? Oda zilikuwa thelathini kwa siku, leo nne! Nne, Nuzhat! Futa!"

"Sifuti."

"Mimi ndiye ninayekulipa!"

"Unalipa vidole vyangu. Jina hujalinunua, uliomba tu."

"Nitafuta mwenyewe." Akamsukuma kiti, akakaa, akaandika siku tano hadi saba, akabonyeza kuhifadhi. Wenye soko wakaomba uthibitisho: tarakimu sita, zimetumwa kwa simu ya mwenye duka. Simu ikatetemeka chini ya shali ya Nuzhat.

"Namba ngapi?" akauliza Farrukh.

Nuzhat akachukua samosa, akaichovya kwenye chatne, akatafuna taratibu. "Nane hadi kumi na mbili," akasema, "jumlisha nne za kufunga, jumlisha likizo."

"Namba, msichana wewe! Inakwisha muda!"

"Basi na iishe."

Mimi niliangalia ukuta. Nilikuwa na watoto wawili na kazi moja, na bado moyoni nilikuwa nashangilia kama niko uwanjani. Namba ikafa. Farrukh akaomba nyingine, ikafa pia. Ya tatu hakuomba. Alimfukuza kazi papo hapo, kisha akakumbuka kwamba akimfukuza, duka linaondoka naye. Akashuka akiwa amenuna.

Hakutulia. Wiki ile ile akachukua kitambulisho cha shemeji yake, akafungua duka jingine, akanakili maelezo yote ya Nuzhat na picha ya kikombe, ila siku akaandika tano. Oda zilimiminika. Akatuletea halua ya karoti na kutucheka usoni. Nuzhat akala, akasema karoti zimeiva vizuri.

Malalamiko ya duka lile nikayajibu mimi, na kufikia tarehe kumi Machi yalikuwa mafuriko. Mama mmoja kapewa kadi bila taa. Mwingine kadhani mwanawe kamsahau. Niliona aibu kuandika pole ile ile mara mia. Tarehe ishirini duka lile likafungwa, na jina la shemeji likatiwa alama. Kwetu oda zilikuwa sitini na moja tu tangu onyo la Nuzhat liwekwe. Iliyochelewa ni moja, na mnunuzi mwenyewe akaandika kwamba alionywa.

Baada ya Idi Farrukh akaja nyumbani kwa kina Nuzhat, na mimi nilikuwepo. Kaleta boksi la mithai, vile vitamu vya sikukuu, kaulizia masikio ya mzee, kamsifu mdogo wake Nuzhat aliyetimiza miaka kumi na minane mwezi ule na kupata kitambulisho. Kisha akakohoa. "Nilikuwa nafikiri, kile kitambulisho chake kipya..."

Nuzhat alimrudishia boksi la mithai mikononi, halijafunguliwa.

"Jina lako umelimaliza, la shemeji umelimaliza," akasema. "Kwetu hakuna jina la kuazima. Nenda kaandike ukweli kwenye lililokubakia, kama lipo."

Mzee Rafaqat, ambaye hasikii kitu, ndiye aliyemfungulia mlango atoke.