Uchovu Usioisha kwa Usingizi

Waridi alirudi Kasongo kutoka Bukavu mwezi wa tatu, amemaliza dawa za kansa ya titi na nywele zake zinaanza kuota, laini kama za mtoto mchanga. Watu walimshukuru Mungu. Mumewe, Assumani, alimtandikia mkeka barazani, akamwambia, "Mama Latifa, lala. Kazi yako iko moja tu: kupumzika."

Akalala. Alilala asubuhi, akalala baada ya sala ya adhuhuri, na kila alipoamka alikuta mwili umejaa maji mazito. Sauti za pikipiki za barabarani zilimfikia kwa mbali, kana kwamba mji mzima uko ng'ambo ya mto Lualaba ndani ya ukungu. Kadiri alivyolala, ndivyo miguu ilivyozidi kulegea. Akaanza kuamini kwamba ugonjwa umerudi, ila hakumwambia mtu.

Siku moja aliamka mwepesi. Akachukua mchi akatwanga mpunga mpaka jua likapanda, akafua, akafagia ua wote. Siku tatu zilizofuata hakuweza hata kuinua kikombe.

Assumani akampeleka kituo cha afya. Muuguzi Victoire alimpima damu na malaria, akampapasa kutafuta uvimbe, hakuna kilichoonekana. Ndipo Waridi akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nalala sana, lakini sipumziki."

"Nakuamini, mama," alijibu Victoire. "Uchovu huu haukutoka kwa jembe, ndiyo maana usingizi peke yake hauumalizi. Ugonjwa na dawa vimeuchosha mwili ndani, na mutu akikaa kitandani misuli inaisha, anachoka zaidi. Utembee kila siku, kidogo tu. Ukae upumzike mbele ya kuchoka, usingoje nguvu ziishe. Hata siku ya nguvu, usizimalize zote."

"Atembee, na hana nguvu?" aliuliza Assumani.

"Utembee naye, baba."

Wakaanza kwa dakika tano, mpaka nyumba ya jirani na kurudi. Assumani alitembea kando yake, mikono nyuma, akiona haya kumhimiza. Baada ya wiki mbili wakafika msikitini. Kazi za nyumbani Waridi alizigawa: kumenya mihogo akiwa ameketi asubuhi, kufagia jioni nusu ua, nusu nyingine kesho. Binti yao Latifa alipomnyang'anya ufagio, alimwambia, "Niachie sehemu yangu."

Ukungu ule wa uchovu haukuondoka wote. Kuna siku ulimfunika tena, naye akapunguza mwendo bila kuogopa. Lakini wakati wa mavuno alifika shambani kwa miguu yake, akipumzika njiani mara mbili. Akakata masuke ya mstari mmoja kwa kisu kidogo, polepole, umande ukimlowesha vidole.

"Imetosha?" aliuliza Assumani.

"Imetosha kwa leo," akasema, akaketi kati ya mpunga, ndege wakishuka kumzunguka.