Penseli Chini ya Wino

Bomu la vita vya mwezi wa sita 2000 lilimuua Papa Paluku, muuza vitenge wa mtaa wa Makiso, na likauchoma wosia wake. Ilibaki picha tu ya ukurasa ule, nyeusi na nyeupe, aliyoipigisha mwaka mmoja kabla. Familia ikamwomba Mama Générose, aliyekuwa karani wake kwa miaka kumi na tisa, auchape neno kwa neno. Mashine ya kuchapia ilikuwa ya marehemu, na ndiyo iliyomlisha Générose. Kitu ambacho wosia haukukitaja kingeenda kwa Hubert, mdogo wa marehemu.

Na Hubert alikuwa amekwisha kufika kutoka Banalia. Zamani kaka yake alipougua hakuonyesha hata pua! Leo kavaa suti, eti ana uchungu.

“Mama Générose, jina yangu iko hapa. Nyumba, Hubert. Chapa.”

Générose alimtazama kama samaki wa juzi, kisha akaweka kioo cha kukuzia juu ya picha.

“Papa Hubert, angalia muzuri. Wino iko nyeusi sawasawa, kando yake iko wazi. Penseli iko kijivu, inarukaruka juu ya karatasi. Jina yako iko penseli. Wino imepita juu yake bila kukatika, na imeandika Kyakimwa.”

Kyakimwa, mjane wa marehemu, alisogeza kiti karibu. Marehemu alifundishwa hivyo shuleni na mafrere, wale watawa wa misheni: kuandika kwanza kwa penseli, kisha kupitia kwa wino. Alipobadili mawazo, wino ulikwenda njia yake. Penseli hakuwa akiifuta.

“Lakini aliandika mwenyewe!” Hubert akafoka. “Mukono ni yake!”

“Na aliacha mwenyewe. Bon, ninachapa wino.”

Lo, mtu mzima hovyo! Kila mkwaruzo kwake ni urithi.

Hubert akanyakua kioo, akateremka nacho hadi chini ya ukurasa, akacheka.

“Na hii? ‘Mashine kwa Générose.’ Penseli tupu! Utachapa?”

Générose aliujua mstari ule. Siku mbili nzima aliutafutia tone moja tu la wino, akajidharau kwa kuutafuta. Labda mzee alichoka, labda aligeuza nia. Wino haukuwepo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba bwege huyu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa amesema kweli.

Akachapa wosia hadi kwenye sahihi ya marehemu. Chini yake akapiga mstari, akaongeza: “Penseli tu, si maneno ya wosia. Chini ya jina Kyakimwa: Hubert. Mwisho wa ukurasa, bila wino: Mashine kwa Générose.”

Akaichomoa karatasi, akampa Kyakimwa. Kisha akaifunika mashine kwa kitambaa chake, akaisukuma mezani mpaka ikagusa tumbo la Hubert.

“Beba, papa. Iko nzito, na wewe haujazoea kazi.”